Sakafu Inapoachana na Jamvi

Sakafu ya saruji na mchanga inayopigwa juu ya jamvi la zege hutulia kwa njia moja kati ya mbili: ama imeshikamana na jamvi, ama imekaa kwa uzito wake yenyewe. Iliyoshikamana huwa na unene wa milimita 25 hadi 40. Iliyotenganishwa na jamvi, kwa mfano kwa nailoni ya kuzuia unyevu, huhitaji angalau milimita 50. Unene ulio kati ya hapo ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu ni mzito mno kushikiliwa na mwembamba mno kujitegemea.

Chanzo cha tatizo ni kusinyaa. Uso wa sakafu hukauka kwanza, hasa penye upepo na jua la dirishani, huku chini kukiwa bado na maji. Uso hujivuta, na kingo hunyanyuka, zaidi kwenye kona na mlangoni. Kadiri sakafu inavyokuwa nene ndivyo inavyovuta kwa nguvu, ilhali eneo lililoshikamana na jamvi haliongezeki. Saruji nyingi katika mchanganyiko huzidisha kusinyaa huko. Sehemu tatu au nne za mchanga kwa moja ya saruji zinatosha.

Chukua chumba ambacho jamvi lake limelala: ili sakafu iwe sawa, inapigwa milimita 25 ukutani na 55 mlangoni. Baada ya wiki chache mlangoni panalia uwazi, na mguu wa kabati zito unaweza kupapasua. Dawa ilikuwa kujaza bonde kwanza kwa zege la kokoto ndogo, kisha kupiga sakafu yenye unene mmoja.

Hata hivyo, unene sahihi hauokoi jamvi chafu. Utando laini wa saruji ulioganda juu ya zege lazima uchongwe mpaka kokoto zionekane, vumbi lote liondolewe, na jamvi liloweshwe usiku kucha. Kesho yake maji yaliyotuama hukaushwa, uji mzito wa saruji husuguliwa kwa brashi, na sakafu hupigwa papo hapo. Uji ukikauka kabla ya hapo, unageuka kuwa utando mwingine wa kutenganisha, na hili ndilo kosa la haraka linaloharibu kazi nzuri. Sakafu ikishakaza, ifunikwe kwa nailoni kwa siku 7.

Kuikagua, gonga kwa kipande cha nondo: palipobanduka hutoa mlio mzito wa uwazi. Si kila mlio ni wa kuvunja sakafu. Eneo dogo lisilo na ufa, lisilocheza likikanyagwa, linaweza kuachwa. Palipopasuka, palipoinuka au panapocheza, pakatwe na kupigwa upya kabla ya kuweka vigae.