Ghorofa Moja, Sura Tatu

Tuseme mtaa wa gemu una maghorofa 400, kila moja likiwa na pembetatu 40,000. Ghorofa la mwisho wa mtaa linaonekana dogo kama ukucha, lakini kadi ya michoro inazichora pembetatu zake zote, nyingi zikiwa ndogo kuliko pikseli moja. Dawa yake ilielezwa na James Clark tangu 1976: kila kitu kiwe na sura kadhaa, nzito ya kutazamwa karibu na nyepesi za mbali.

Siku hizi sura nyepesi hutengenezwa na programu, na njia inayotumika sana ni ile ya Michael Garland na Paul Heckbert ya 1997. Ncha mbili za ukingo huunganishwa kuwa moja, na kwa kawaida pembetatu mbili hutoweka. Programu hupima ncha mpya imehama kiasi gani kutoka kwenye kuta za awali, kisha huanza na ukingo ambao kuondoka kwake kunaharibu kidogo zaidi. Ukuta ulionyooka hupungua haraka. Kona ya paa hubaki hadi mwisho.

Wengi huagiza asilimia: sura ya pili iwe nusu, ya tatu robo. Mimi naona ni kubahatisha, maana nusu ya ghala la kuta tupu haiharibu kitu, ilhali nusu ya msikiti wenye nakshi huonekana mara moja. Heri kuagiza kosa kwa sentimita, kwa kuwa kosa ndilo linalotoa umbali.

Kwenye skrini yenye urefu wa pikseli 1,080 na kamera inayoona nyuzi 60 kwenda juu, mita moja iliyo umbali wa mita moja huchukua pikseli 935 hivi. Kwa hiyo kosa la sentimita 5 hufikia pikseli moja kwenye mita 47, na la sentimita 20 kwenye mita 187. Hapo ndipo pa kubadilisha sura. Kurudi kwenye sura nzito kufanyike mita chache ndani zaidi, tuseme 42, la sivyo mchezaji anayesimama mpakani ataona ghorofa likirukaruka. Mtaa ukijaa na picha zikaanza kukwama, ruhusu kosa la pikseli mbili: umbali wote hupungua kwa nusu, bila kugusa jengo hata moja.

Hesabu hii hushindwa kwenye nondo za roshani. Nondo ya sentimita 3 huwa chini ya pikseli moja baada ya mita 28, hivyo programu huona haina hasara ikiiondoa. Lakini nondo 60 zilizopangwa pamoja hutia roshani kivuli cha kijivu, na zikitoweka kwa mpigo jengo zima hubadilika rangi. Zitenge kabla ya kupunguza, na kwenye sura za mbali weka bapa moja lenye picha ya nondo hizo, inayopitisha mwanga.