Kinyonga Tumemsingizia

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu kwamba tashbihi husimama juu ya sifa ambayo jamii nzima inaiafiki. Mfano niliouzoea ni huu: "Yule bwana ni kigeugeu kama kinyonga." Hakuna aliyeupinga mpaka mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akisomea pia baiolojia, aliponyosha mkono na kusema, "Mwalimu, kinyonga hageuki ili adanganye. Hugeuka ili aseme." Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani niling'amua kuwa nilikuwa nikilisemea jambo nisilolijua. Nikaenda maktabani.

Nilikuwa nikiamini, kama wengi wetu, kwamba ngozi ya mnyama huyu ina vijifuko vya rangi anavyovimwaga na kuvikusanya apendavyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, akiwemo Michel Milinkovitch, walionyesha kuwa sivyo. Walimchunguza kinyonga-chui wa kisiwa cha Bukini, ambacho leo twakiita Madagaska. Chini ya ngozi ya dume walikuta seli zilizojaa fuwele ndogo mno za gwanini, zilizopangwa safu kwa safu. Fuwele hizo hazina rangi. Kazi yake ni kuakisi mwanga.

Msomaji amepata kuona mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji barabarani. Hung'aa buluu, kijani na zambarau, ilhali mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Ngozi ya kinyonga hufuata kanuni iyo hiyo. Fuwele zinapokaribiana, huakisi mwanga wa buluu. Zinapoachana, huakisi mwanga wa manjano, kisha wa machungwa na hata mwekundu.

Sasa tumtazame dume aliyetulia tawini. Fuwele zake zimesongamana, zinaakisi buluu. Juu yake mna chembe za rangi ya manjano, nayo buluu ikipita katika manjano, jicho letu huona kijani. Hapo hufanana na majani, naye hujificha vyema. Mara anatokea dume mwingine. Katika muda wa dakika chache tu, nafasi baina ya fuwele huongezeka kwa takriban asilimia 30, na kijani kinageuka manjano au machungwa. Basi anapohamaki hafifii majanini, bali hujitokeza wazi. Mpinzani akiondoka, fuwele husogeleana tena na kijani kikarejea.

Ili kuhakikisha, watafiti walichukua kipande cha ngozi na kukitia katika maji ya chumvi kali. Chumvi ilivuta maji kutoka katika seli, seli zikanywea, fuwele zikakaribiana, na rangi ikaelekea buluu. Ngozi hiyo haikuongezewa wala kupunguziwa chembe yoyote ya rangi.

Hata hivyo, tusiseme kwamba chembe za rangi hazina kazi. Mabaka mekundu ya dume huyo hutokana nazo, na hubaki mekundu, yakizidi tu kung'aa. Weusi nao hutokana na melanini, ambayo huenea au kujikusanya ndani ya seli nyingine.

Na rangi hizo husema nini? Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliwapambanisha madume wa kinyonga wa Yemeni. Dume ambaye mistari ya ubavuni ilikuwa angavu zaidi ndiye aliyeelekea kumkabili mwenzake. Yule ambaye kichwa chake kiling'aa zaidi na kugeuka upesi ndiye aliyeelekea kushinda. Baadaye Ligon alionyesha kuwa anayeshindwa husawijika, kama anayesema, "Nimekubali, usinipige."

Ushahidi mwingine unatuhusu sisi Wakenya. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu walichukuliwa kutoka nchini mwetu hadi Hawaii, wakaachiliwa huko, wakazaana. Huko ndege na nyoka wa kuwawinda ni haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa madume wa Hawaii, wanaposhindana au kuposa, hung'aa kuliko ndugu zao waliobaki Kenya. Aliye hapa kwetu hana budi kupunguza sauti ya rangi yake, kwa kuwa adui naye anatazama.

Sitaifuta tashbihi yetu, maana lugha ni mali ya wasemao. Lakini mwanafunzi akiniandikia katika insha kwamba kinyonga huiga rangi ya chochote anachokanyaga, nitamsahihisha. Kigeugeu wa kibinadamu huficha lililo moyoni. Kinyonga akikasirika, jirani yake huliona ngozini.