Kununua Gari la Dar es Salaam Ukiwa Sengerema

Siku hizi watu wengi wa huku ziwani wananunua magari yaliyotumika kutoka Dar es Salaam. Huko yadi ni nyingi na mtu ana nafasi ya kuchagua. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa, na mazao hayangoji. Kwa hiyo mtu humwagiza ndugu yake aliye huko akamwangalie gari, na yeye mwenyewe hulitazama kwa simu ya video.

Njia hii ni nzuri, lakini ina mitego yake. Basi tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Sengerema. Anataka gari aina ya Probox la kubebea mizigo. Muuzaji anataka shilingi 11,000,000. Mpwa wake yuko Dar es Salaam. Bei hii na malipo tutakayoyataja ni mfano tu.

Mpwa alipwe na nani?

Kwanza mjomba amtumie mpwa nauli yake na malipo ya fundi, tuseme shilingi 150,000. Kwa nini? Kwa sababu mjini kuna madalali. Dalali humwambia mtu, "Gari likinunuliwa, na wewe utapata chochote." Mpwa ambaye hata nauli hakupewa anaweza kushawishika. Akilipwa na mjomba, hana haja ya pesa ya dalali. Na fundi amtafute mpwa mwenyewe, asiwe fundi wa muuzaji.

Siku ya kulikagua gari

Mpwa na fundi waende asubuhi na mapema. Jambo la kwanza mpwa aweke mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, gari limekwisha kuwashwa. Pengine halikuwa linawaka vizuri likiwa la baridi, na muuzaji hataki mlione hilo. Ngojeni lipoe, au rudini siku nyingine.

Sasa mpwa apige simu ya video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe oili kwanza."

Fundi achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Hapo msiendelee, gari hilo ni la matengenezo makubwa. Kisha waliwashe, na mjomba atazame bomba la moshi. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba injini inakula oili. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, nao huisha upesi. Lakini mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni dalili nyingine ya maji.

Simu ina mipaka yake. Haina pua ya kunusa oili iliyoungua. Sauti ya injini nayo hubadilika ikipita kwenye simu. Picha haionyeshi kutu iliyopakwa rangi. Kwa hiyo fundi aingie chini ya gari na kugongagonga chuma. Magari mengine yametumika Japani kwenye sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma. Kisha aliendeshe barabarani, abadilishe gia zote na kufunga breki. Mambo haya mjomba atayajua kwa maneno ya fundi, siyo kwa picha.

Jihadharini pia na video iliyorekodiwa zamani. Muuzaji akikutumia video tu, haitoshi. Katika simu ya moja kwa moja unaweza kusema, "Washa taa ya kushoto. Sasa fungua mlango wa nyuma." Video ya zamani haiwezi kutii.

Namba ya chesisi

Hapa ndipo kusoma kwetu kunapofanya kazi. Kila gari lina namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Magari mengi ya Kijapani huwa nayo kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, au chini ya kiti cha mbele. Mpwa aisome kwa sauti, herufi moja moja na tarakimu moja moja, na mjomba aiandike kwenye karatasi. Kisha mpwa amwonyeshe kadi halisi ya gari, siyo kopi. Mjomba alinganishe. Tarakimu moja ikitofautiana, au chuma kikionekana kimekwanguliwa, waache.

Kwenye kadi hiyo hiyo mjomba aandike jina la mwenye gari. Akiona pia jina la benki au kampuni ya mikopo, huenda gari lina deni. Asitoe hata shilingi mpaka benki hiyo ithibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha. Aulizie pia faini za barabarani, kwa maana polisi huzihifadhi kwenye mtandao kwa namba ya gari.

Pesa zifuate hatua

Mpaka hapa muuzaji hajapewa kitu. Sasa, kama gari ni zima, mjomba atoe arubuni ya shilingi 500,000 ili lisiuzwe kwa mwingine. Apewe risiti iliyoandikwa kwamba arubuni itarudishwa kadi ikionekana na kasoro.

Hatua ya pili ni mkataba. Muuzaji asaini mbele ya wakili, mpwa awe shahidi. Mkataba uje Mwanza kwa basi, na mjomba asaini mbele ya wakili wa huku. Jina la mnunuzi liwe la mjomba. Likiandikwa la mpwa, kwa karatasi gari ni la mpwa, na siku wakigombana au mpwa akifariki, mjomba atakuwa na shida kulidai. Mkataba utaje kila malipo na siku yake. Muuzaji hana sababu ya kuogopa, maana funguo na kadi bado anazo.

Hatua ya tatu, mjomba alipe 9,500,000 kwa benki. Zisipitie kwa mpwa, wala kwa dalali. Ziende kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi. Mjomba amwombe karani amtajie jina la akaunti kabla ya kutuma. Pesa zikifika, mpwa apokee gari, funguo na kadi halisi, mjomba akitazama kwenye simu.

Shilingi 1,000,000 zibaki. Zitalipwa TRA watakapobadilisha umiliki na kadi kutoka kwa jina la mjomba. Muuzaji na mnunuzi wote wawe na namba ya mlipakodi, yaani TIN. Mjomba aitafute yake mapema. Bila hiyo milioni moja, muuzaji aliyekwisha kula pesa zote anaweza kuacha kupokea simu, na mjomba akabaki na gari lenye jina la mtu mwingine.

Mpwa alinde heshima yake

Wengine husema, "Kumwandikisha ndugu yako mambo haya ni kumwona mwizi." Sivyo. Gari likiharibika mwezi wa pili, lawama humwangukia mpwa. Lakini ikiwa mjomba aliiona injini mwenyewe, akaandika namba mwenyewe na pesa akazituma mwenyewe, mpwa hana la kujibu.

Gari likifika Kigongo, halingoji tena kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na litavuka hadi Sengerema siku hiyo hiyo.