Barua pepe ya kwanza ya meneja mpya

Barua pepe ya kujitambulisha ambayo meneja mpya huwaandikia wadau na washirika ni hati ya taasisi inayoandikwa kwa mkono wa mtu mmoja. Anayeipokea hatafuti wasifu wa meneja. Anataka kujua kama makubaliano aliyokuwa nayo na taasisi bado yapo, nani atakayemjibu akipiga simu, na kama kuna jambo linalomtaka achukue hatua. Mambo hayo yasipopatikana katika mistari ya mwanzo, barua huachwa bila kusomwa hadi mwisho hata ikiwa imeandikwa kwa lugha nzuri.

Mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili ni SACCOS ya wafanyakazi nchini Tanzania, kwa sababu meneja wake ana washirika wa aina nyingi. Yupo mwajiri anayekata michango na marejesho ya mikopo kwenye mishahara ya wanachama, ipo benki inayotunza fedha na pengine kukikopesha chama, na ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika inayosimamia vyama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Wapo pia wakaguzi wa hesabu, ambao kwa vyama vingi ni COASCO, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kila mmoja ana swali lake meneja anapobadilika.

Kabla ya barua hiyo kutumwa, taarifa nyingine inapaswa kutangulia. Meneja wa SACCOS huajiriwa na bodi, kwa hiyo mwenyekiti ndiye mwenye mamlaka ya kuwaambia washirika kwamba uteuzi umefanyika. Tangazo fupi la mwenyekiti hutoka kwanza, likiwa na jina, cheo na tarehe ya kuanza kazi, kisha meneja huandika siku moja au mbili baadaye. Mpangilio huu si wa heshima tu. Mtu asiyejulikana akijitangaza mwenyewe, mhasibu makini wa upande wa pili ana kila sababu ya kumtilia shaka, na anafanya vyema. Wafanyakazi wa chama nao waambiwe mapema, kwa kuwa mshirika akisoma barua hupiga simu ofisini kuthibitisha, na anayepokea simu akionekana kutojua lolote, barua yote hupoteza uzito.

Uandishi wa barua za ofisi umewazoesha watu wengi kuanza na maneno “Husika na kichwa cha habari hapo juu”. Katika barua pepe, ambayo mara nyingi husomwa kwenye simu, sentensi hiyo hutumia nafasi bora kabisa bila kusema chochote. Barua ya meneja kwa mhasibu wa mwajiri inaweza kuwa hivi:

“YAH: Mabadiliko ya meneja wa chama kuanzia 1 Julai

Ndugu Mhasibu,

Bodi ya chama imeniteua kuwa meneja kuanzia 1 Julai, kushika nafasi ya meneja aliyestaafu. Makubaliano ya makato kati ya ofisi yako na chama yanaendelea kama yalivyo, na akaunti ya kupokelea makato ni ileile. Orodha ya makato ya mwezi huu utaletewa na mhasibu wetu yuleyule kabla ya tarehe 10.

Jambo la kwanza ninaloomba tulifanye pamoja ni kulinganisha hesabu za makato ya Januari hadi Juni. Naomba saa moja ya muda wako kati ya tarehe 14 na 18 Julai, siku itakayokufaa. Nitaleta taarifa za benki na daftari la wanachama.”

Chini hufuata jina, cheo na simu ya ofisi. Uzito wa barua umo katika ombi la kulinganisha hesabu. Makato yakichelewa kufika au yakifika pungufu, mwanachama huonekana anadaiwa ilhali mshahara wake umekatwa, na tofauti ndogo ya kila mwezi huwa mzozo mkubwa ikiachwa hadi mwisho wa mwaka. Meneja anayetaja kazi moja ya namna hii, yenye tarehe na vielelezo vyake, ameeleza jinsi atakavyofanya kazi bila kujisifu. Anayeandika kwamba ataleta mageuzi na ufanisi hajampa msomaji kitu cha kushika.

Barua ya benki inahitaji uangalifu zaidi. Uteuzi wa meneja haumfanyi awe mtia saini wa akaunti. Benki hutaka uamuzi wa bodi ulioandikwa katika muhtasari wa kikao, vielelezo vya saini na vitambulisho, na mpaka ikamilishe mabadiliko, maagizo ya malipo hufuata utaratibu iliyonao. Kwa hiyo barua inapaswa kusema wazi kwamba nyaraka za kubadilisha watia saini zitaletwa, na nani ataziwasilisha. Meneja asiahidi mkopo mpya wala kuomba kuongezewa uliopo. Chama hukopa ndani ya ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, na ahadi iliyotolewa kwa barua pepe ya utangulizi inaweza kumlazimu kuifuta kabla hajatimiza mwezi kazini.

Kipindi cha mabadiliko pia huwavutia matapeli. Habari za meneja mpya zikienea, mtu anaweza kufungua anwani inayofanana na ya chama, kwa tofauti ya herufi moja, kisha akamwandikia mwajiri kwamba akaunti ya kupokelea makato imebadilika. Mwajiri hashangai, kwa sababu anatarajia kusikia mambo mapya. Kinga yake ni aya fupi katika barua ya kwanza: akaunti haijabadilika, na ikitokea ikabadilika, chama hakitatoa taarifa kwa barua pepe pekee, bali kwa barua yenye saini na mhuri, itakayothibitishwa kwa simu kupitia namba ambayo mshirika alikuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe wenyewe haithibitishi chochote. Meneja naye atumie anwani ya ofisi, kwa kuwa anwani binafsi huwazoesha washirika kupokea maagizo kutoka mahali popote.

Utumaji una kosa lake la kawaida, nalo ni kuweka anwani zote kwenye Cc. Kila mpokeaji huona orodha nzima ya wengine, na anayejibu kwa wote huwamwagia wadau mazungumzo yasiyowahusu. Kwa wadau wakuu, ambao kwa chama cha wastani ni wachache, barua moja kwa kila mmoja ndiyo njia sahihi, kwani mkaguzi hahitaji habari za makato na benki haihitaji ratiba ya ukaguzi. Wasambazaji wa vifaa vya ofisi na wengineo wanaweza kupata ujumbe mmoja mfupi kupitia Bcc.

Kuhusu mtangulizi, sentensi moja yatosha. Hata pale alipoondoka kwa migogoro, barua haitaji kasoro zake. Makabidhiano ndiyo mahali pa kuziandika, na wakaguzi watazisoma huko.

Majibu ndiyo huonyesha kama barua imefanya kazi. Mhasibu wa mwajiri akijibu kwa kutaja siku ya kikao, imefika. Akiuliza makato ya mwezi huu yapelekwe wapi, sentensi iliyohitajika ilikosekana au ilizikwa chini, na meneja humwandikia upya siku hiyohiyo, huku akimpa nakala mwenyekiti wa bodi.