Kosa Moja, Majibu Matatu

Dada yangu alinitumia picha ya karatasi ya mazoezi ya mwanawe, yuko darasa la tatu, pamoja na maneno machache: “Kaka, huyu kutoa kunamshinda. Msahihishie.” Hesabu zilikuwa sita, zimejibiwa kwa penseli. Picha ilipigwa usiku kwa mwanga wa simu, na penseli ikipigwa na mwanga huo hung'aa, kwa hiyo nusu ya tarakimu zilikuwa zimemezwa na mng'ao. Nikamwomba airudie asubuhi karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja, na kabla ya kutuma abonyeze alama ya HD ili WhatsApp isiifishe sana.

Picha ya pili iliniokoa na aibu. Kwenye ile ya kwanza, 75 − 12 ilisomeka 68, nami nilikuwa tayari kuweka alama ya kosa. Kumbe mtoto aliandika 63. Mstari uliofutwa vibaya ndio ulioifunga ile tatu ikafanana na nane. Tangu hapo, tarakimu nisiyoiona vizuri siihukumu. Namuuliza aliyeishika karatasi.

Alipatia 58 − 23, 75 − 12 na 96 − 41. Alikosea hizi:

52 − 27 = 35
64 − 38 = 34
70 − 46 = 36

Msahihishaji mwenye haraka angeweka mikasi mitatu, akaandika 3/6, akalala. Lakini ona kwamba zote alizopatia hazihitaji kukopa, na zote alizokosea zinahitaji. Huyu hajasahau kutoa. Tatizo liko kwenye kukopa, ila kukopa nako kuna namna zaidi ya moja ya kukosea.

Jibu la 35 peke yake halisemi ni namna ipi. Huenda aliona mbili haitoshi kutoa saba, akageuza, akatoa mbili kwenye saba, akapata tano. Au huenda alikopa vizuri, 12 kutoa saba ikawa tano, kisha akasahau kupunguza makumi. Njia zote mbili zinaishia 35. Hutokea hivyo kila tofauti ya tarakimu za mamoja inapokuwa tano. Ushahidi uko kwenye 64 − 38: aliyesahau kupunguza angepata 36, aliyegeuza hupata 34. Mtoto kaandika 34. Na 70 − 46 ikathibitisha, kwa kuwa sita kutoa sifuri ni sita. Anageuza.

Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika juu ya makosa ya aina hii mwaka 1978. Walionyesha kwamba mengi yanatokana na kanuni mbovu ambayo mtoto anaifuata kwa uaminifu, wala si uzembe. Mpwa wangu aliwahi kuambiwa kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo, naye akatii.

Kwenye picha sikukata jibu zima. Kwa rangi ya kijani nilizungushia tarakimu ya mamoja tu, ile tano ya 35, kwa sababu ndipo alipopotelea. Penseli yake nikaiacha isomeke. Kisha nikamrekodia ujumbe wa sauti.

“Mjomba wangu, umepanga makumi chini ya makumi, safi. Hebu jumlisha 35 na 27. Umepata 62, sivyo? Lakini tulianza na 52. Sasa mwombe mama vijiti. Funga mafungu matano ya kumi kumi, weka na viwili pembeni. Nataka vijiti saba. Hivyo viwili havitoshi, na hatuwezi kugeuza, maana mimi ndiye ninayedai saba. Fungua fungu moja. Una vijiti 12 na mafungu manne. Nipe saba, kisha mafungu mawili. Umebakiwa na nini?”

Jibu sikulitaja. Hizo mbili nyingine nilizizungushia vivyo hivyo na kuandika pembeni “fungua fungu” tu, kwani kosa ni lile lile, na kulieleza mara tatu ni kama kumgombeza.

Mwisho nikampa hesabu ya kumpima, 83 − 39. Sikuiokota tu: akigeuza atapata 56, akisahau kupunguza atapata 54, akipatia 44. Jibu lenyewe litaniambia.

Jioni ikaja picha. Zile tatu zimerekebishwa: 25, 26, 24. Chini yake, 83 − 39 = 54, na juu ya ile tatu kuna moja ndogo ya kukopa.

Hakugeuza tena. Nikaweka vema kwenye nne, nikazungushia tano, nikamrekodia: “Mjomba, umefungua fungu, vizuri sana. Hebu hesabu mafungu yaliyobaki.”