Sijawahi, nilikuwa sijawahi: nafasi iliyoachwa wazi inapodai hesabu

Mgeni anashuka kwenye pikipiki pale Kalunguta, katikati ya Butembo na Beni, anajipangusa vumbi na kusema: "Ni mara yangu ya kwanza kufika hapa." Mwenyeji anaelewa na mazungumzo yanaendelea. Hakuna anayejiuliza kitenzi cha sentensi hiyo kiko katika wakati gani, maana hakimo katika wakati wowote. "Kufika" ni kufika tu, haisemi jana wala leo.

Mwambie sasa mwanafunzi wa sekondari aliandike wazo hilo hilo kwa Kiingereza, mahali ambapo ameachiwa nafasi tupu na kitenzi kimewekwa kwenye mabano:

```
It's the first time I ______ (come) to Kalunguta.
```

Katika madaftari niliyosahihisha, wengi huandika "come", wachache "came", na mmoja mmoja "am coming". Jibu linalotakiwa ni "have come". Walioandika "come" si wavivu. Wanasoma masomo yao kwa Kifaransa, na Kifaransa mahali hapa hutumia wakati uliopo wa kawaida, kana kwamba mtu anasema "ni mara ya kwanza ninakuja". Kiswahili nacho hakiwapi onyo lolote, kwa sababu kimekificha kitenzi ndani ya "kufika". Wamesimama kati ya lugha mbili ambazo hapo zote hazisaidii, halafu wanaambiwa wakariri kwamba baada ya "first time" huja "have". Kanuni hiyo, ikikaririwa peke yake, inawatoa kwenye shimo moja na kuwatumbukiza kwenye mawili.

Ni afadhali kwanza kujua kwa nini Kiingereza kinataka timilifu hapo. Anayesema "mara ya kwanza" anahesabu. Amesimama kwenye wakati fulani, ametazama nyuma katika maisha yake yote hadi hapo aliposimama, na amekuta tukio moja tu. Kiingereza kikihesabu matukio kuanzia zamani hadi sasa, hutumia "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Mara ya pili ni vivyo hivyo, na hata mara ya kumi. Neno "first" halina uchawi wowote. Kinachotawala ni ile hesabu.

Kiswahili kinaijua hesabu hii vizuri sana, ila hakiiweki kwenye "mara ya kwanza". Kinaiweka kwenye "-wahi". Muulize yule mgeni: "Umewahi kufika Kalunguta?" Kama ni mara yake ya kwanza, angekujibu, kabla hajashuka kwenye pikipiki: "Sijawahi." Hiyo "-ja-" ndiyo dada wa "have". Kwa hiyo mbele ya nafasi tupu, acha kwanza "mara ya kwanza" na uigeuze sentensi: Je, mtu huyu kabla ya tukio hili angesema "sijawahi", au tunapaswa kusema juu yake "alikuwa hajawahi"? Ikiwa ni "sijawahi", andika "have" au "has". Ikiwa ni "alikuwa hajawahi", au "nilikuwa sijawahi", andika "had".

Kipimo hicho kinakwenda sambamba na neno dogo lililo mwanzoni mwa sentensi, ambalo wanafunzi hulipita kwa sababu macho yao yamekwisha kurukia mabano. Kama sentensi imeanza na "is", umesimama leo. Kama imeanza na "was", umesimama jana na unahesabu kuanzia jana kurudi nyuma:

```
It is the first time she has seen the sea.
It was the first time she had seen the sea.
```

Ni mtu yuleyule na bahari ileile. Kilichohama ni mahali pa kusimama. Mtunga mtihani anayejua kazi yake hukiacha kitenzi cha kwanza wazi wazi mbele ya macho yako, kwa kuwa jibu limo humo.

Sasa yale mashimo mawili. La kwanza ni kijineno "for". Ukiandika "for the first time", hesabu imeondoka na limebaki pambo la kueleza namna jambo lilivyotokea, sawa na kusema "kwa mara ya kwanza". "I saw the sea for the first time in 2019" inataka "saw" tu, kwa sababu mwaka umetajwa na tukio limekaa mahali pake. Shimo la pili ni sentensi inayoanza moja kwa moja na "The first time", bila "it is" wala "it was": "The first time I came to Kalunguta, it was raining." Hapo maneno hayo yana maana ya "nilipokuja mara ya kwanza", yaani ni saa ya tukio. "Had come" hapo ni kosa la mwanafunzi aliyejifunza sana kanuni na kusoma kidogo sentensi. (Na "my first time", ambayo wengi tunaipenda kwa sababu inalingana na "mara yangu ya kwanza", haifuatwi na timilifu kabisa. Kiingereza cha vitabu husema "my first time coming here".)

Tuchukue kifungu kizima ili tuone mambo haya yakikutana. Nimekitunga kuhusu jambo ambalo kila mtu wa eneo la afya la Kalunguta analikumbuka:

```
In 2018 Ebola came to North Kivu. It was the first time
the disease (1)______ (reach) the province. By the time
the epidemic (2)______ (end), on 25 June 2020, more than
2,200 people (3)______ (die).
```

Nafasi ya kwanza tumekwisha kuipatia ufunguo: kuna "was", kwa hiyo ugonjwa "ulikuwa haujawahi" kufika katika mkoa huo, na jibu ni "had reached". Kama mtunzi angependa, angeweza kusema ilikuwa mara ya kumi nchi nzima kukumbwa na Ebola tangu 1976, na "had" ingebaki palepale.

Vita viko kwenye nafasi ya pili na ya tatu. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "by the time" hutembea na "had". Ni kweli, lakini hakuambiwa upande upi. Anakutana na nafasi iliyo karibu zaidi na maneno hayo, anaijaza "had ended", kisha nafasi ya tatu anaandika "died", akiwa na amani kabisa. Ameziweka zote mbili kinyume. Majibu ni "ended" na "had died".

"By" katika Kiingereza hufanya kazi ya "kufikia". Ukisema kufikia Juni 25, 2020, umechomeka kijiti ardhini na kumtaka msomaji atazame kila kilichokusanyika nyuma yake. Sentensi inayofuata "by the time" ndiyo kijiti. Kijiti kinachomekwa mara moja, kwa wakati uliopita wa kawaida. Timilifu ni ya yale yaliyokusanyika, upande wa pili wa mkato.

Hapa Kiswahili, ambacho kwenye "mara ya kwanza" kilituacha peke yetu, kinarudi kutusaidia. Sema kifungu hicho kwa lugha yako: "Ugonjwa ulipokwisha, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekwisha kufariki." Tazama viungo vya vitenzi. "Ulipokwisha" ina "-lipo-", nayo ndiyo "ended". "Walikuwa wamekwisha" ina "-likuwa" ikifuatwa na "-me-", nayo ndiyo "had". Kila sentensi ya Kiswahili yenye "-lipo-" upande mmoja na "-likuwa -me-" upande mwingine inakupangia Kiingereza chako bila hesabu nyingine. Hata Kiswahili chetu cha barabarani, tunaposema gari "ilikuwa imeshaenda", kinaonyesha mahali pa "had".

Lakini msaada huo una mpaka, na wanafunzi wazuri ndio hujikwaa hapo. "-me-" ya Kiswahili hubeba kazi mbili: inaeleza tendo lililokwisha, na inaeleza hali ambayo mtu yumo. "Amechoka" si habari ya jana, ni hali yake sasa hivi. "Watoto wamelala" inaweza kuwa kwamba wako usingizini. Kwa hiyo "tulipofika Kalunguta, giza lilikuwa limeingia" inamsukuma mwanafunzi kuandika "had" popote, hata mbele ya swali hili:

```
By the time we reached Kalunguta, it ______ (be) dark.
```

Jibu ni "was". Kilichomo kwenye mabano ni "be", kitenzi cha hali, na hali hiyo ilikuwapo pale pale tulipofika. Kama mabano yangekuwa na "get", tendo la giza kuingia, jibu lingekuwa "had got". Na kama mwishoni pangeongezwa "for an hour", hata "be" ingegeuka "had been", kwa sababu sasa kuna saa nzima iliyokusanyika nyuma ya kijiti. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wasome hadi nukta kabla ya kushika kalamu. Katika mtihani wa dola, ambao unataka uchague jibu moja katika orodha, "was" na "had been" huweza kukaa jirani, na yanayoamua kati yake ni maneno matatu ya mwisho.

Kijiti kinaweza pia kuchomekwa mbele, siku ambayo haijafika. "Utakapofika Beni, tutakuwa tumekwisha kula." Nusu ya pili inakwenda vizuri: "tutakuwa tumekula" ni "will have eaten", kipande kwa kipande. Nusu ya kwanza ndiyo mtego, kwa sababu "-taka-" iliyomo ndani ya "utakapofika" inaita "will" kwa sauti kubwa, na Kiingereza hakiitaki kwenye upande wa kijiti:

```
By the time you reach Beni, we will have eaten.
```

Anayeandika "will reach" ametafsiri Kiswahili chake kwa uaminifu wote, na amekosa alama.