Pampu za sola kandokando ya Tshangalele: kisima ndicho kinachoamua

Ziwa Tshangalele lilizaliwa na umeme. Bwawa la Mwadingusha liliziba mto Lufira, mtambo wake ukaanza kuzalisha mwaka 1930, na maji yakatanda juu ya uwanda mpana ulioko mashariki mwa Likasi. Mtambo huo umefanyiwa ukarabati mkubwa kwa fedha za mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, ukakamilika mwaka 2021, na leo una uwezo wa takribani megawati 78 zinazoingia kwenye gridi ya SNEL. Lakini kijiji kilicho mbali na nyaya za usambazaji hakipati chochote kutoka kwenye nguzo kubwa zinazopita juu ya mashamba yake. Umeme wa msongo mkubwa hauingii kwenye pampu bila kituo cha kuupoza, na gharama ya kituo hicho inaweza kuzidi ile ya mradi mzima wa maji wa kijiji.

Maji ya ziwa lenyewe yapo hatua chache kutoka kwenye nyumba, na wengi huyateka. Tatizo ni kwamba mito inayoliingia inapita kwenye ukanda wa viwanda na migodi ya Likasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa nje wamekuta kobalti, shaba na metali nyingine kwenye matope na samaki wa ziwa hili, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi. Kuchemsha huua vijidudu, ila metali hubaki kwenye sufuria na hata huongezeka ukali maji yanapopungua. Ndiyo maana kijiji chenye uwezo hutafuta kisima kirefu, kile kinachoitwa foraji, na hicho nacho lazima maji yake yapimwe metali kabla ya kununua hata bomba moja.

Hapo ndipo biashara ya sola inapoingia, na hapo ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Mnunuzi akienda dukani Likasi au Lubumbashi kuuliza pampu ya sola, mazungumzo huanzia kwenye paneli: ngapi, wati ngapi, bei gani. Hesabu sahihi inakwenda kinyume. Inaanzia kwenye midomo ya watu, inashuka kisimani, inapanda hadi kwenye tangi, na paneli zinakuja mwisho.

Tuchukue kijiji cha mfano chenye watu 1,500. Kikikua kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka kumi kitakuwa na watu wapatao 2,000, na hao ndio wa kuhesabia. Lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani bidoni moja, ni kiwango cha chini kinachokubalika kwa maji ya bomba la jumuiya. Hiyo ni lita 40,000. Ongeza shule, kituo cha afya na kinachovuja njiani, tufike lita 45,000, yaani mita za ujazo 45 kila siku.

Sasa kimo. Pampu haijali urefu wa kisima. Inajali umbali kati ya uso wa maji wakati inavuta na mdomo wa bomba linalomwaga tangini. Tuseme maji yametulia mita 18 chini ya ardhi, lakini pampu ikifanya kazi yanashuka hadi mita 30. Tangi liko kwenye mnara, mdomo wake mita 8 juu ya ardhi, na mnara umejengwa mahali palipoinuka mita 7 kuliko kisima. Msuguano ndani ya mabomba unakula sawa na mita 5 nyingine. Jumla ni mita 50. Atakayehesabu kwa mita 18 badala ya 30 atanunua pampu itakayomwaga vizuri asubuhi na kudhoofika kabla ya adhuhuri.

Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita moja kunahitaji watisaa 2.725. Kwa hiyo 45 mara 50 mara 2.725 inatupa kama kilowatisaa 6.1 kwa siku. Hiyo ni kazi halisi ya maji. Pampu na mota kwa pamoja hupoteza zaidi ya nusu ya umeme zinaopewa. Tukichukua ufanisi wa asilimia 45, umeme unaohitajika ni kilowatisaa 13.6. Jenereta ndogo ingechoma lita tano au sita za mafuta kila siku kuutoa, zaidi ya lita 150 kwa mwezi, na mafuta hayo lazima yasafirishwe hadi kijijini hata barabara ikiwa tope.

Kabla ya kugawa umeme huo kwa paneli, turudi kisimani, kwa maana hapa ndipo sola inatofautiana na jenereta. Jenereta inaweza kuvuta polepole kwa saa kumi na mbili. Jua linakupa saa sita au saba zenye nguvu, na maji yote ya siku lazima yapite ndani ya muda huo. Mita za ujazo 45 kwa saa sita ni mita 7.5 kwa saa kwa wastani, na saa sita mchana pampu itataka kuvuta kama mita 10. Kisima kinachotoa mita 4 tu kwa saa, ambacho kingetosha vizuri kwa jenereta, kwa sola kitatoa kama mita 26 kwa siku, hata ukijaza uwanja mzima paneli. Ukilazimisha, maji yanashuka hadi kwenye pampu, inavuta hewa, mchanga unaingia, na mota inaungua kama hakuna kitambuzi cha kuizima.

Jaribio la kisima kwa hiyo ndilo jambo ambalo singekubali lipunguzwe kwa sababu ya bajeti. Pampu ya majaribio iendeshwe kwa saa 24 mfululizo ikiwezekana, na kushuka kwa maji kuandikwe kwa vipindi. Lifanywe Septemba au Oktoba, mwishoni mwa kiangazi cha Katanga, wakati maji ya ardhini yako chini kabisa. Jaribio la Machi, baada ya miezi ya mvua, linatoa namba nzuri ambazo Oktoba itazikanusha. Kisima kikionekana dhaifu, kuna njia mbili za kweli: kuchimba cha pili, au kuelekeza nusu ya paneli mashariki na nusu magharibi, ili nguvu ya mchana ipungue na saa za kuvuta ziongezeke kidogo.

Kisima chetu cha mfano tuseme kimepita: kinatoa mita 11 kwa saa bila kushuka zaidi. Sasa paneli. Haut-Katanga ina jua kali Agosti hadi Oktoba, lakini Desemba na Januari mawingu ya mvua hulipunguza hadi karibu sawa na saa tano za jua kamili kwa siku. Tunahesabia miezi hiyo dhaifu. Joto, vumbi na nyaya hula robo nyingine. Gawa 13.6 kwa tano, kisha kwa 0.75, unapata kilowati 3.6. Paneli tisa za wati 450 zikiunganishwa mfululizo zinatoa kilowati 4.05, na hapo kuna akiba. Fundi ahakikishe pia volti: asubuhi ya baridi ya Juni paneli hizo tisa zisizobebeshwa mzigo zinaweza kukaribia volti 470, na kidhibiti cha pampu lazima kizistahimili.

Bei ya paneli imeshuka sana duniani. Mwaka 2024 wati moja ilitoka viwandani China kwa senti kati ya 10 na 15 za dola. Hata baada ya meli, Kasumbalesa na ushuru, paneli si tena mzigo mkubwa wa mradi. Fedha ziko kwenye kuchimba, kwenye mnara na kwenye tangi. Kwa hiyo kuongeza paneli mbili kwa ajili ya siku za mawingu ni busara, maadamu kisima kinamudu na kidhibiti kinakubali. Betri sizipendekezi kwa kazi hii. Maji yaliyokwisha kupanda juu ni akiba isiyochakaa.

Ukubwa wa tangi hautokani na nambari ya kubahatisha bali na saa za watu. Foleni ya kwanza huanza alfajiri, jua bado changa. Tuseme kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi zinatekwa mita za ujazo 18 huku pampu ikileta 5 tu. Kutoka hapo hadi saa kumi jioni pampu inaleta 38 na watu wanachukua 12. Jioni wanachukua 15 na pampu inamalizia 2. Ukifuata hesabu hiyo utaona kwamba tangi lazima liamke na mita zisizopungua 13, na saa kumi jioni litakuwa na 26. Matangi matatu ya lita 10,000 yanatosha na kubakiza kidogo. Tangi moja la lita 10,000 lingefurika mchana, na alfajiri bidoni zingepangwa mbele ya bomba kavu, wakati paneli na pampu ni nzima kabisa.

Maji ya matangi hayo yana uzito wa tani 30, na mnara wa kuyabeba ni kazi ya mhandisi, hasa kwenye udongo laini wa uwanda wa Lufira. Penye mwinuko wa karibu, tangi la zege lililojengwa juu ya ardhi ya mwinuko huo lina nafuu kubwa kuliko chuma kilichoinuliwa.

Baada ya kuzinduliwa, chombo muhimu kuliko vyote ni mita ya maji iliyofungwa kwenye bomba la pampu, pamoja na daftari. Msimamizi aandike namba kila jioni, na mara moja kwa wiki apime mtiririko saa sita mchana, siku ya jua. Ukishuka, aoshe paneli kwanza: Julai hadi Septemba moto wa nyika huacha masizi, na vumbi jekundu la barabara hufunika kioo. Aangalie pia kivuli cha tawi, kwa sababu paneli moja iliyofunikwa huweza kupunguza nguvu ya mfululizo wote. Mtiririko usiporudi, ashushe kamba ya kupimia kisimani. Maji yakiwa chini kuliko kawaida, kisima kimechoka au kinavutwa kupita kiasi. Yakiwa palepale, pampu imelika au bomba la ndani linavuja. Mchanga kwenye ndoo ni onyo la kupunguza kasi siku hiyohiyo.

Sheria ya maji ya Desemba 2015 imeweka huduma hii mikononi mwa mikoa na mamlaka za chini, lakini mota ikiungua ni kamati ya kijiji itakayotafuta fedha. Pampu hudumu kama miaka saba hadi kumi, kidhibiti mara nyingi pungufu ya hapo. Kama viwili hivyo vinagharimu dola 3,000 na vinabadilishwa baada ya miaka saba, kijiji kinatakiwa kuweka kando dola 36 kwa mwezi. Kwa bidoni 2,250 kwa siku, hiyo ni dola 1.20 kwa siku nzima, chini ya moja ya kumi ya senti kwa bidoni, kabla ya mshahara wa mlinzi na msimamizi. Fedha hiyo iwe na akaunti yake tangu mwezi wa kwanza, pampu ikiwa bado mpya.